Briji: dhana potofu na ukweli kuhusu kipande kinachotangulia kiitikio cha mwisho na kubeba mwisho wa wimbo

Dhana: Briji ni ubeti wa tatu wenye sauti mpya.

Tuchukue wimbo mdogo, do ikiwa C, mapigo 96 kwa dakika. Katika beti mbili mwimbaji anamlaumu mwenzake aliyefungasha usiku akaondoka bila kuaga. Kiitikio kinasema "Rudi nyumbani." Mtunzi akija na briji ya kusema chumba ni kitupu na chakula hakipiti kooni, hajaongeza kitu: anayelaumiwa ni yuleyule. Sasa mwimbaji ajigeukie mwenyewe:

*Nilisikia mlango, sikuinuka,*
*nikajifunika shuka, nikajifanya nimelala.*

Kiitikio kinachofuata hakijabadilika hata neno, ila ile "Rudi nyumbani" iliyokuwa amri sasa inasikika kama kuomba radhi. Mimi huipima briji hivi: ikiwa unaweza kuihamishia kabla ya kiitikio cha kwanza na wimbo usiharibike, bado hujaiandika.

Dhana: Ukibadilisha kordi zozote, wimbo utanyanyuka.

Kiitikio chetu kinazunguka C, G, Am, F. Wengi huzichanganya upya hizohizo, wakaanza tena na C, na msikilizaji hasikii tofauti yoyote. Kinachokipa nguvu kiitikio cha mwisho ni sikio kunyimwa C kabla yake. Andika briji ya vipimo vinane vya mapigo manne, kila kordi ikae vipimo viwili: Dm, Am, F, G. Kwa mwendo wetu hizo ni sekunde 20 bila kugusa kordi ya C, nyumbani kwa wimbo. G ya mwisho ina noti B, yaani ti, ambayo inavuta kwenda do iliyo nusu hatua tu juu yake, na C ikiingia sikio linashusha pumzi. Mwangalie mpiga besi hapo: akitulia kwenye C wakati kinanda bado kiko G, siri imevuja mapema.

Dhana: Kila wimbo unahitaji briji.

Wimbo wa dansi wenye sebene umeshapata wa kuubeba. Magitaa yakichanganya, nani atasubiri briji?

Dhana: Bila kupandisha ki, yaani kuihamisha do juu zaidi, mwisho hauna nguvu.

Ni hiari, na ina gharama. Kutoka C kwenda D, acha G katika kipimo cha saba, kisha cha nane weka A, maana A ndiyo inayoita D. Lakini noti zote za kiitikio zitapanda hatua nzima. Mwimbaji aliyekuwa akibana koo tangu kiitikio cha kwanza atafika huko akikwaruza, na kinanda hakitamficha. Kabla ya kurekodi chochote, mwimbishe kiitikio hicho katika D mara tatu mfululizo, akiwa amesimama. Akianza kukwepa noti ya juu, baki C, na umwambie mpiga ngoma anyamaze vipimo vinne vya kwanza vya briji ili arudi na kishindo.