Meseji za miamala ndizo zinazokupa au kukunyima mkopo

Kwa miaka kadhaa kazi yangu imekuwa kutengeneza modeli zinazoamua nani apewe mkopo wa simu na nani anyimwe. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Kipato ninacho, deni sina, mbona apu imenikatalia ndani ya dakika moja?" Wengi hudhani kuna karani mahali fulani aliyeyasoma maombi yao akawachukia. Hakuna karani. Kuna programu iliyopitia meseji zako za pesa za simu, na katika modeli nilizozishika mimi hizo zimebeba uzito kuliko aina ya simu uliyonayo au saa unazopenda kupiga. Kwa hiyo leo nabaki kwenye meseji hizo tu.

Ukibonyeza kukubali ruhusa ya SMS, ile inayoitwa `READ_SMS` kwenye Android, apu inaweza kuziona meseji zote zilizomo. Iliyotengenezwa kwa uaminifu huchuja kwa jina la mtumaji, ikachukua zile za kampuni ya pesa za simu, za benki na za wakopeshaji wengine. Kisha kila meseji inavunjwa vipande vinne: aina ya muamala, kiasi, saa, na salio lililobaki. Kipande cha mwisho ndicho watu wasichokifikiria, na ndicho ninachokipenda. Tazama meseji mbili zinazofuatana:

```
Umepokea 5,000. Salio lako ni 5,420.
Umetuma 2,000. Salio lako ni 1,120.
```

Ukiacha makato pembeni, aliyebakiwa na 1,120 baada ya kutuma 2,000 alikuwa na 3,120 kabla ya kutuma. Lakini meseji ya kwanza inasema alikuwa na 5,420. Kuna 2,300 zilizotoka katikati na meseji yake haipo. Pengine imefutwa, na zinazofutwa mara nyingi ni za kubeti au za kukumbushwa deni. Modeli haihitaji kujua kilichofutwa. Inahesabu mapengo tu, na mapengo yakiwa mengi inashusha alama, au inaipeleka akaunti kwenye ukaguzi wa udanganyifu. Ndiyo maana nawaambia jamaa zangu wasifute kitu: pengo linaweza kukugharimu kuliko muamala uliotaka kuuficha.

Mnyororo huo wa salio ukishakamilika, tunauliza mambo machache. Pesa ikiingia inakaa muda gani? Inatoka kwa watu wangapi tofauti, na kwa mpangilio gani? Ni siku ngapi kati ya 90 salio lilikuwa karibu na sifuri? Kisha, je, kuna wakopeshaji wengine wanaokutumia meseji za kuchelewa? Hili la mwisho lina nguvu ya ajabu. Mtu mwenye mikopo miwili anayoilipa vizuri si tatizo, lakini anayechukua mkopo kwa apu moja saa nne asubuhi na kuutumia kulipa apu nyingine saa nne na dakika kumi, huyo anaonekana waziwazi kabisa.

Nikupe mfano wa fundi cherehani mmoja aliyeniletea simu yake baada ya kukataliwa mara tatu. Kwa siku 90 laini yake ilikuwa imepokea 240,000, kwa mafungu 12 ya kama 20,000 hivi. Kila fungu lilitolewa kwa wakala ndani ya saa moja. Siku 71 kati ya 90 salio lilikuwa chini ya 500. Ukimuuliza mwenyewe, mapato yake halisi yalikuwa mara tatu ya hayo, ila wateja wengi walimlipa taslimu mkononi, na vitambaa na nyuzi alinunua kwa taslimu vilevile. Kwa modeli, pesa hizo hazipo duniani. Ilichokiona ni laini inayopitisha pesa tu, kama bomba. Na laini ya namna hiyo hufanana sana na ya mtu ambaye siku ya kulipa ikifika hana kitu, kwa sababu kweli hana kitu ndani ya laini ambayo deni litakatwa.

Hakuongeza kipato hata kidogo. Aliwaomba wateja wamlipe kwenye laini, hata yale malipo madogo ya kushona zipu. Yeye naye akawa anamlipa muuzaji wa vitambaa kutoka humohumo, na akawa anaacha kiasi kidogo kilale usiku. Baada ya miezi mitatu laini ilionyesha miamala 64 ya kuingia kutoka kwa watu zaidi ya 40, na salio halikushuka sana. Akapata mkopo. Ulikuwa mdogo hadi akaudhika, lakini mkopo wa kwanza ndivyo ulivyo: mkopeshaji bado hakujui, na kiasi kile kidogo ni bei anayolipa ili aone utafanyaje.

Kuna wanaosikia haya wakakimbilia njia ya mkato ya kuzungusha pesa. Una laini mbili, unatuma 30,000 kwenda na kurudi mara nne, unaamini umeonyesha mapato ya 120,000. Namba ileile ikiwa upande wa kutuma na wa kupokea, tunatoa kimoja kwenye kingine na jibu ni sifuri. Tena laini zote mbili mara nyingi zimo kwenye simu moja, na kitambulisho cha simu apu inakiona. Simu hiyohiyo ikiwa imewahi kufungua akaunti tatu au nne kwa majina tofauti, hapo hata alama haikokotolewi. Ombi linakataliwa mlangoni.

Kuhusu orodha ya majina na picha zako: tangu tarehe 31 Mei 2023, sera ya Google Play inazikataza apu za mikopo binafsi kuzifikia. Apu inayokutaka uikubalie `READ_CONTACTS` siku hizi huenda umeipakua nje ya duka hilo, na majina hayo ni ya kukuaibishia kwa jamaa ukichelewa kulipa, si ya kukupimia alama. Ikatalie na uifute.

Mtego mwingine ni simu mpya. Ukihamia simu nyingine bila meseji za zamani, modeli inakuta ukurasa mtupu, na mtupu kwake ni hatari. Wenye iPhone wako hivyo daima, kwa kuwa mfumo wake hauruhusu apu kusoma SMS. Suluhisho ni lilelile: omba kampuni ya pesa za simu ikupe taarifa ya miamala ya miezi sita, uipakie kama ilivyo pale mkopeshaji anapoipokea. Usibadilishe hata tarakimu moja, maana safu ya salio inakaguliwa kwa hesabu ileile niliyokuonyesha juu.

Baada ya mkopo wa pili au wa tatu, meseji zinapungua uzito na historia yako ya kulipa inachukua nafasi. Hapo fundi wangu alijikwaa kidogo. Wateja wake huchukua nguo Jumamosi, naye alikuwa amechagua kulipa Ijumaa, basi mara mbili akachelewa siku moja huku pesa ikiwa njiani. Kwa mkopo uliofuata alichagua Jumatatu.