Maumivu nyuma ya jicho moja: tazama saa, kisha tazama mboni

Wagonjwa wengi wanaokuja kliniki yetu ya macho wakilalamika maumivu nyuma ya jicho moja wameshaambiwa kwamba wana sainasi. Baadhi wanayo kweli. Wengine wamemeza antibayotiki mara kadhaa bila nafuu, na wapo waliong'olewa gego lisilo na tatizo. Kabla ya kipimo chochote, mambo mawili hututenganishia magonjwa yanayoleta maumivu haya: maumivu yanakuja saa ngapi na kudumu kwa muda gani, na mboni ya jicho, yaani lile duara jeusi la katikati, ikoje wakati wa maumivu.

Chukulia dereva wa miaka 38. Analala saa nne, na ikifika saa sita au saa saba usiku anaamshwa na maumivu makali kwenye jicho la kushoto. Jicho linatoa machozi na kuwa jekundu, pua ya upande huohuo inaziba, kope inalegea kidogo. Hawezi kulala chini. Anazunguka chumbani akishika kichwa. Baada ya saa moja hivi yote yanaisha, na asubuhi anakwenda kazini kama kawaida. Usiku unaofuata, saa ileile, yanarudi. Hali hii imeendelea wiki ya tatu sasa, na mwaka jana ilimpata hivyohivyo kwa miezi miwili, kisha ikatoweka.

Hayo ni maumivu ya kichwa ya klasta. Kila shambulio hudumu kati ya dakika 15 na saa 3, na kwa siku yanaweza kuja hata mara 8, daima upande mmoja. Machozi na kuziba kwa pua ndivyo vinavyowapoteza watu wakadhani ni sainasi, lakini sainasi haiji na kuondoka kwa saa. Tofauti na kipandauso ni kwamba mwenye kipandauso hutafuta giza na kutulia, ilhali huyu hatulii. Ukimtazama jicho wakati wa shambulio, mara nyingi mboni ya upande unaouma ni ndogo kuliko ya pili.

Panado haimsaidii, kwa sababu shambulio huisha kabla dawa haijafanya kazi. Kinachosaidia ni oksijeni safi kwa barakoa, lita 12 hadi 15 kwa dakika, kwa dakika 15 hadi 20, au sindano ya sumatriptani iwapo hana ugonjwa wa moyo. Kuzuia mashambulizi mengine hutumika verapamili, nayo huhitaji kupimwa umeme wa moyo. Katika wiki hizo aache pombe kabisa, maana hata kiasi kidogo kinaweza kuamsha shambulio. Kwa mara ya kwanza ni vyema pia apigwe picha ya ubongo, kwa kuwa mara chache uvimbe huiga dalili hizi.

Sasa fikiria mama wa miaka 60 ambaye jicho limeanza kumuuma jioni, anaona duara za rangi kuzunguka taa, uoni una ukungu, na anatapika. Kutapika huko kumewafanya wengi watibiwe tumbo huku jicho likiharibika. Hii ni glakoma ya ghafla: njia ya kutolea maji ya ndani ya jicho imezibwa, na presha ya ndani ya jicho, ambayo kwa kawaida huwa kati ya milimita 10 na 21 za zebaki, inaweza kupita 40. Mboni yake imepanuka nusu na ukiimulika tochi haisinyai. Maumivu hayakomi baada ya saa moja.

Wapo wanaopata vipindi vidogo vya aina hii kwanza, vinavyoanza gizani mboni inapopanuka na kutulia wanapolala, kinyume kabisa na dereva wetu anayeamshwa na maumivu. Baadhi ya dawa za mafua za kuzibua pua nazo hupanua mboni, hivyo kumtibu mtu huyu kama mwenye sainasi kunaweza kumzidishia. Anahitaji hospitali usiku huohuo, ashushwe presha ya jicho kwa matone na dawa ya asetazolamidi, kisha atobolewe tundu dogo kwa leza. Glakoma iliyo ya kawaida zaidi haiumi kabisa, kwa hiyo kutokuwa na maumivu si ushahidi kwamba huna.

Sainasi yenyewe hufuata mafua. Uzito unakaa mchana kutwa kwa siku kadhaa, unazidi ukiinama, makamasi ni mazito na harufu huzisikii vizuri. Mboni na uoni viko sawa. Kope ikivimba, jicho likitokeza nje au ukiona vitu viwili viwili, maambukizi yanaweza kuwa yameingia tunduni mwa jicho, na hapo hospitali ni siku hiyohiyo.

Vivyo hivyo kope ikianguka ghafla huku mboni imepanuka badala ya kuwa ndogo: hiyo huweza kuwa mshipa wa ubongo uliovimba, na hausubiri kliniki ya asubuhi.