Ukungu ule wa picha za zamani ulitengenezwa kwa makusudi

Dhana: Kuunganisha picha kulianza na kompyuta.

Mwaka 1858 Mwingereza Henry Peach Robinson alionyesha picha ya msichana anayekaribia kukata roho, jamaa zake wakiwa kando. Baadhi ya watazamaji walichukizwa: huyu mpiga picha hana haya, kuingia na kamera hadi kwa mahututi? Kumbe binti alikuwa mzima, akiigiza tu. Robinson alizichapa negativu 5, yaani picha ambazo mwanga na giza vimegeuzwa, kwenye karatasi moja, sehemu baada ya sehemu. Mchoraji angelipaka kifo hichohicho rangi bila kuulizwa kitu; kamera ilichukuliwa kuwa shahidi, na shahidi hatungi.

Dhana: Suala la kama picha ya kamera ni sanaa lilikuwa la ladha tu.

Lilikuwa la pesa pia. Studio ya Mayer na Pierson, Paris, iliwashtaki walionakili picha zake za watu mashuhuri. Sheria ya hakimiliki ililinda kazi za sanaa, kwa hiyo ilibidi kwanza ithibitishwe kwamba picha ni sanaa. Wachoraji, Ingres akiwemo, walitia saini kupinga. Mwaka 1862 mahakama ikawapa ushindi wapiga picha.

Dhana: Picha za wapiktoria, wapiga picha waliotaka kazi yao ihesabiwe sanaa, zina ukungu kwa sababu lenzi zilikuwa duni.

Hapana. Lenzi kali zilikuwepo tangu zamani. Lawama kuu ilikuwa kwamba mashine ndiyo inayofanya kazi, mkono wa mtu haumo. Basi wao wakauingiza mkono.

Mfaransa Robert Demachy alipenda njia ya gundi. Unachanganya gundi ya mgunga, rangi ya unga na chumvi ya bikromati inayoathiriwa na mwanga, kisha unapaka karatasi na kuiacha ikauke gizani. Unaiwekea negativu yenye ukubwa uleule wa picha unayotaka, halafu unaitoa juani. Mwanga unapopita, gundi inakuwa ngumu na kushika. Palipokingwa, inabaki laini. Ukiiweka karatasi majini, ile laini inayeyuka na kuondoka na rangi yake. Hapo ndipo penye utamu: kwa brashi ya maji unaweza kufuta dirisha linalokukera au kung'arisha bega.

Ukizidisha jua, gundi inagoma kutoka na picha inabaki nzito kama masizi. Ukilipunguza, picha yote inaelea majini ikakuacha na karatasi tupu. Tena tabaka moja halibebi vizuri weusi mzito pamoja na kijivu chepesi, kwa hiyo wengine walirudia kupaka mara kadhaa. Karatasi ikisinyaa kati ya tabaka na tabaka, kingo zinajirudia kama kivuli. Mimi naona hilo ni jasho zaidi ya kubonyeza kitufe.

Dhana: Wapiktoria wote walishika brashi.

Frederick Evans, aliyekuwa muuza vitabu London, alikuwa mwenzao lakini hakutaka negativu iguswe. Mwaka 1903 alipiga ngazi za kanisa kuu la Wells, zilizolika katikati kwa nyayo za watu hadi zikawa kama mawimbi, akazichapa kwa kemikali ya platini jinsi zilivyo.