Pesa iliyotumwa kwako kimakosa

“Pesa ikiingia kwenye akaunti yako kwa kosa la mtumaji, ni yako, uzembe ni wake.” Tafadhali usiusambaze ujumbe huu, maana unaweza kumponza anayeuamini.

Sheria haiangalii nani alizembea. Inauliza kama umenufaika kwa hasara ya mwenzako bila msingi wowote, kama vile mkataba, deni au zawadi. Mwaka 1841 mahakama ya Uingereza ilipokea kesi ya kampuni ya bima iliyolipa bima iliyokwisha koma, kwa kusahau tu. Ikaelezwa kuwa uzembe peke yake haumnyimi mlipaji haki ya kudai.

Mkanganyiko unatokana na utetezi mmoja wa kweli. Tuseme umepokea 500 ukidhani ni malimbikizo ya mshahara, na kwa nia njema ukatoa sadaka 200 ambayo usingeitoa. Katika nchi nyingi zinazofuata mkondo wa sheria ya Uingereza, huenda ukadaiwa 300 tu. Kodi ya nyumba ambayo ungeilipa hata hivyo haihesabiki, wala matumizi baada ya kulijua kosa.

Kagua taarifa ya akaunti: nani ametuma, kwa malipo gani? Usipoona sababu, usiiguse; iarifu benki iirejeshe yenyewe. Usimtumie anayekupigia simu, kwani huenda ni tapeli.