Ukungu wa Isyonje na faili la dxgi.dll

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniletea kompyuta hapa Mwanjelwa, CPU nzima kaitia kwenye kiroba, nyaya zinaning'inia nje.

"Shikamoo fundi. Gemu inagoma. Inawaka, logo inatokea, halafu inanirudisha kwenye deski topu."

Nikamwuliza ameweka nini kipya. Hajaweka kitu. Wote husema hivyo, kwa hiyo nilifungua folda ya gemu nikapanga mafaili kwa tarehe. Juu kabisa yalikaa haya:

```
dxgi.dll
ReShade.ini
ReShade.log
reshade-shaders
```

"Na haya?"

"Aah, hayo ni ya rangi tu, fundi."

Hilo "rangi tu" ndilo limenikalisha kuandika. Nusu yake ni kweli, na nusu nyingine ndiyo iliyomleta kwangu na kiroba.

ReShade ni programu inayojipenyeza kati ya gemu na kadi ya grafiki, ikaipaka picha vipodozi kabla haijafika kwenye skrini. Inavyoingia ni kiujanja kidogo. Gemu nyingi za DirectX 11 na 12, zikiwaka, huiomba Windows faili liitwalo `dxgi.dll`. Lile halisi linakaa `C:\Windows\System32`, ila Windows huanza kutafuta kwenye folda ileile ya gemu. Ikikuta kuna `dxgi.dll` pale, inachukua hilo na wala haiulizi limetoka wapi. Sasa hilo lililopo pale ni ReShade iliyobadilishwa jina. Nayo inamfungua mwenye jina halisi kule System32, inampelekea kazi zote kama kawaida, ila inabaki imekaa mlangoni.

Mlango wenyewe unaitwa `Present`. Kila fremu ikikamilika kuchorwa, gemu huita `Present`, maana yake "picha hii tayari, ionyeshe". ReShade inaidaka hapo, inaipitisha kwenye vijiprogramu vya kadi ya grafiki vinavyoitwa sheda (shada ni la maua, tusichanganye), kisha inaiachia. Ukibonyeza kitufe cha Home ukiwa ndani ya gemu, menyu yake inafunguka na unaweza kuwasha au kuzima sheda moja moja.

Sheda za rangi na za kunoa zinahitaji picha iliyokamilika tu. `Vibrance.fx` inasoma rangi ya pikseli, inakoleza zile zilizopauka kuliko zile zilizokwisha kolea, basi. `LumaSharpen.fx` inalinganisha mwanga wa pikseli na wa majirani zake, ikikuta tofauti inaizidisha, ndiyo macho yako yanaona picha imenoleka. Zenyewe hazijui kama kilichopo kwenye picha ni mti, mtu au maandishi ya idadi ya risasi. Na hapo ndipo utamtambua mtu aliyezidisha. Nguvu ya kawaida ya LumaSharpen ni 0.65, kijana wangu alikuwa ameisukuma kupita 2. Nyaya za umeme kwenye gemu zilikuwa na uzi mweupe pembeni kama zimeshonewa mpaka, na tarakimu za kwenye kona zilikuwa na utandu unaong'aa. Nilimrudisha kwenye 0.65 akasema sasa picha imekufa. Baada ya dakika tano akasahau kama nimeigusa.

Nusu ya pili ni kina.

Kadi ya grafiki, inapochora, haiweki rangi peke yake. Kwa kila pikseli huandika pembeni namba ya umbali: kitu kilichochorwa hapa kiko mbali kiasi gani na kamera. Hesabu hiyo inatunzwa kwenye bafa ya kina, na kazi yake halali ni ndogo na ya maana: nyumba ikiwa mbele ya mti, mti usije ukachorwa juu ya nyumba. Sheda zinazofifisha vitu vya mbali ili picha ifanane na ya kamera ya studio, au zinazoongeza vivuli kwenye kona za kuta, zote zinahitaji bafa hiyo. Ili kuipata, ReShade haiwezi tena kusubiri mlangoni. Inabidi ifuatilie uchoraji wenyewe ukiendelea ndani, ione gemu imetengeneza bafa zipi, ikisie ipi ni ya tukio kuu, iichukue kabla gemu haijaifuta.

Kujua kama imeotea sawa, washa `DisplayDepth.fx`. Skrini inageuka: upande mmoja nyuso za vitu kwa rangi rangi, upande wa pili ramani ya kijivu ambayo karibu ni kweusi na mbali ni kweupe. Ikitoka kinyume, yaani mikono yako iwe myeupe na milima myeusi, geuza hii kwenye mipangilio, 1 iwe 0 au 0 iwe 1:

```
RESHADE_DEPTH_INPUT_IS_REVERSED=1
```

Sasa shida iko wapi? Wasafiri wa barabara ya Tukuyu watanielewa haraka. Asubuhi ya Juni pale Isyonje ukungu unakaa barabarani mpaka dereva haoni taa za gari la mbele. Lakini ukungu hauondoi gari. Lipo palepale, hatua ishirini mbele yako, ni jicho tu limezuiwa. Mtu mwenye kamba ya kupimia aliyeifunga kwenye bampa la gari lile angejua umbali wake bila kuliona.

Bafa ya kina ndiyo kamba hiyo. Kwenye gemu nyingi, vitu vigumu kama ukuta, gari na mwili wa mtu huandika umbali wao kwenye bafa. Moshi, ukungu na kioo havifanyi hivyo. Hupakwa mwishoni juu ya picha kama rangi nyepesi, bila kuandika namba yao, kwa sababu vikiandika vitafuta kilicho nyuma yake wakati kinatakiwa kionekane kidogo. Matokeo yake, adui akirusha bomu la moshi akajificha ndani, kwenye picha ya rangi huoni kitu. Kwenye ramani ya kijivu umbo lake limesimama limekamilika, mabega na bunduki. Ukuta ramani hiyo haiuvuki, kwa kuwa ukuta umeandika umbali wake na ndio ulio karibu. Moshi inauvuka kana kwamba haupo.

Waliotengeneza ReShade wanalijua hili, na ndiyo sababu kuna matoleo mawili ya kupakua. Toleo la kawaida, lenye sahihi ya kidijitali, likihisi gemu inatuma na kupokea data nyingi mtandaoni linafunga bafa ya kina. Rangi inabaki, kunoa kunabaki, kina kinakufa. Toleo la pili, lenye uwezo kamili wa nyongeza, halina kizuizi hicho, na limewekwa kwa ajili ya gemu za kucheza peke yako.

Hapo ndipo kijana wangu alipoangukia. Nilimbana kidogo akanieleza. Kwenye uwanja wa mazoezi, peke yake, milima ilikuwa inafifia vizuri. Akiingia mechi ya mtandaoni, mfifio unatoweka wote. Yeye akadhani ni hitilafu. Akatafuta, akakuta video ya mtu anasema "pakua lile toleo jingine, hili ni bovu". Akapakua. Mechi ya kwanza akatolewa katikati. Baada ya hapo gemu ikawa inaishia kwenye logo, na akaunti ikapewa kifungo cha muda.

"Ila mimi sikuchiti, fundi."

Namwamini. Alitaka milima ifubae, hakujua hata kama `DisplayDepth.fx` ipo. Lakini mlinzi wa gemu, yaani programu inayosaka wadanganyifu, haoni nia. Anaona faili lisilo na sahihi limejibadili jina kuwa la Windows, limepakiwa ndani ya gemu na limeidaka `Present`. Programu za kuchiti zinazochora maboksi mekundu juu ya maadui huingia kwa mtindo huohuo na hudaka mlango huohuo. Kutofautisha hawa wawili kwa mbali ni kazi, kwa hiyo walinzi wengi hawahangaiki: wengine wanakataa faili lisipakiwe, wengine wanaizima gemu, wengine wanaandika jina lako. Wapo pia wanaoruhusu toleo lenye sahihi, na kesho wakibadili msimamo hawatakupigia simu. Ndiyo maana "mwenzangu anatumia na hajafungwa" mimi siipokei kama ushahidi.

Kabla ya kuja kwangu alishajaribu kujitibu. Aliiambia Steam ikague mafaili ya gemu, ikakagua, ikasema yote mazima, na gemu ikagoma vilevile. Hili linawachanganya wengi. Ukaguzi ule unaangalia mafaili yaliyo kwenye orodha ya gemu: lililoharibika linapakuliwa upya. `dxgi.dll` ya ReShade haimo kwenye orodha, ni mgeni, hakuna anayemhesabu. Anabaki. Ukitaka kumtambua, bofya kulia kwenye faili, fungua Properties, nenda Details: litajitaja lenyewe kuwa ni ReShade. Kisha lifute kwa mkono pamoja na wenzake watatu. Nilifuta, tukawasha upya, gemu ikafunguka. Kifungo cha akaunti hicho sikigusi, kiko kwa wenye seva.

Kwa rangi za mtandaoni nilimwonyesha njia isiyoingia kwenye folda ya gemu. Kadi yake ni ya NVIDIA, na kwenye paneli ya kadi kuna kitelezi cha Digital vibrance, kawaida kiko 50%. Tukakipeleka 65%. Kunoa nako kupo humohumo, na wenye AMD wanayo yao kwenye programu ya Radeon. Kazi hii inafanywa na draiva yenyewe, kwa hiyo hakuna faili geni ndani ya gemu la kumshtua mlinzi. Hakuna mfifio wa milima, kweli. Akakubali kwa shingo upande.

Lakini hakuitupa ReShade. Ana gemu nyingine ya kuendesha malori, anacheza peke yake usiku wenzake wakiwa wamelala. Humo tuliiweka tena, tukaigeuza ramani ya kina ikakaa sawa, kisha akaanza kuchagua sheda. Aliyoipenda kuliko zote ni `AdaptiveFog.fx`, ambayo inasoma umbali wa kila pikseli na kuimwagia ukungu kadiri inavyokuwa mbali.

"Ongeza, fundi," ananiambia. "Bado haijafika Isyonje."