Namba yako ikishapewa mtu mwingine: dhana potofu na ukweli

Shangazi yangu wa Makorora, Tanga, alirudi kutoka Maskati baada ya miezi saba akakuta laini yake haishiki mtandao. Nikampa simu yangu apige namba yake mwenyewe. Ikaita, akapokea kijana asiyemjua.

Dhana: "Nimeisajili kwa alama ya kidole, ni yangu daima."

Namba zinasimamiwa na TCRA, na mtandao hukupa moja uitumie. Isipotumika, kwa kawaida siku 90, laini hufungwa, na baadaye namba huuzwa upya. Shangazi alikuwa WhatsApp kila siku kwa namba hiyohiyo, lakini kwa intaneti ya Omani, na hilo halihesabiwi. Ingetosha laini ipige simu, itume ujumbe au iongezewe vocha kila baada ya wiki kadhaa.

Ukipiga ukaambiwa namba haitumiki, wahi duka la mtandao wako na namba ya NIDA na kidole chako, uombe namba ileile. Kama bado haijagawiwa, huweza kurudishwa kwenye laini mpya. Akipokea mtu, duka haliwezi kumnyang'anya. Wala usimwombe akuuzie laini mkononi, maana imesajiliwa kwa jina lake. Akiridhia, nendeni dukani pamoja mkaulizie kubadili umiliki. Kijana wetu alikataa kwa adabu, na ana haki.

Dhana: "Pesa zangu za simu sasa ni zake."

Hapana. Akaunti ile ilifunguliwa kwa jina lako, na mmiliki mpya wa namba hufunguliwa yake, haoni salio lako. Shangazi alidai dukani kwa kitambulisho, namba ya zamani, na miamala aliyoikumbuka: alikuwa ametuma ada ya madrasa shilingi 40,000 wiki aliyosafiri. Baada ya siku chache salio likaingia kwenye laini yake mpya. Vocha iliyobaki ndiyo imekwenda.

Dhana: "Atasoma meseji zangu za WhatsApp."

Mazungumzo yamo ndani ya simu yako, hayamo kwenye laini. Ila akijiunga kwa namba ile, wewe utatolewa, na wenzako watamwandikia yeye wakidhani ni wewe. Kijana alikuwa na kitochi, kwa hiyo WhatsApp ya shangazi ilikuwa bado wazi. Palepale tukaingia Settings, Account, Change number, tukaweka namba mpya, na makundi yote ya ukoo yakabaki.

Kilichonitia hofu zaidi ni benki, kwa sababu ujumbe wa akaunti yake na namba za siri za mara moja vilikuwa vinaelekea kwa mtu mwingine. Asubuhi iliyofuata tulikuwa mlangoni pa tawi kabla halijafunguliwa, tukabadilisha namba kwa kitambulisho, kisha ndipo tukaenda kudai zile pesa za simu.