Tangazo lipi limeshinda kweli, na lipi limebahatika?

*"Nauza mchele wa Kyela hapa Mwanjelwa. Nimeweka matangazo mawili mtandaoni. Moja limeniletea meseji 56, lingine 40. Hilo la 56 ndilo bora, au ni bahati tu?"*

Kwa namba hizo peke yake, bado huwezi kusema. Pengo la meseji 16 linavutia macho, lakini hata matangazo mawili yanayofanana kila kitu yanaweza kuachana kiasi hicho bila sababu yoyote.

Tuseme kila tangazo lilionwa na watu 2,000. Jumla umepata meseji 96. Kama matangazo yote mawili yana nguvu sawa, basi kila meseji ingeweza kutokea upande wowote, mithili ya sarafu ya shilingi inayorushwa juu mara 96. Ukirusha sarafu hivyo, ni nadra kupata 48 kwa 48 kamili. Mara nyingi upande mmoja utazidi kidogo, na pengo la 16 au zaidi hujitokeza takriban mara moja katika kila majaribio manane. Hiyo si ajabu kiasi cha kumfanya mtu abadilishe biashara yake.

Iko hesabu fupi unayoweza kuifanya kwa kikokotoo cha simu. Toa namba ndogo kwenye kubwa, kisha jibu lizidishe kwa lenyewe: 56 toa 40 ni 16, na 16 mara 16 ni 256. Weka kando. Sasa jumlisha namba zote mbili na uzidishe kwa 4: 96 mara 4 ni 384. Ile ya kwanza ikiizidi ya pili, una sababu nzuri ya kuamini kwamba tofauti ipo. Hapa 256 haijafika 384, kwa hiyo jaribio halijatoa jibu. Kipimo hiki kinafaa pale tu matangazo yote mawili yanapoonwa na watu wa idadi sawa, na wanaojibu ni wachache kati ya wanaoona, kama ilivyo kwa matangazo mengi. Nacho hakikupi uhakika kamili: matangazo yaliyo sawa kabisa yatavuka mstari huo karibu mara 5 katika kila majaribio 100.

Kabla ya hesabu, hata hivyo, kuna swali zito zaidi: matangazo hayo yalitofautiana kwa kitu gani? Kama la kwanza lilikuwa na picha ya gunia na maneno kuhusu harufu ya mchele, na la pili likawa na picha ya sahani ya wali pamoja na ahadi ya kuletewa nyumbani, basi hata pengo la meseji 500 halikufundishi kitu cha kutumia kesho. Hujui kama ni picha iliyowavuta au ni ule usafiri. Badilisha kitu kimoja. Picha ile ile, bei ile ile, namba ya simu ile ile, na mstari wa kwanza tu ndio utofautiane: huku "Mchele mpya wa Kyela, unanukia ukiwa bado jikoni", na kule "Mchele mpya wa Kyela, tunakuletea hadi mlangoni". Hapo ukipata jibu, linahusu jambo moja, nalo ni kama mnunuzi wa Mbeya mjini anasukumwa zaidi na harufu au na kupunguziwa safari ya sokoni.

Mazingira nayo lazima yawe sawa. Tangazo la harufu likitoka katikati ya mwezi, na la usafiri likatoka wiki ya mishahara, umelinganisha mifuko ya watu, hukulinganisha maneno. Vivyo hivyo ukipeleka moja Mbeya na lingine Iringa. Watafiti wa kilimo, kama wale wa Uyole, wakitaka kulinganisha aina mbili za mbegu hawapandi moja bondeni na nyingine mlimani. Hutumia shamba moja lililogawanywa vipande, msimu mmoja, mbolea moja, na kura ndiyo inayoamua kipande kipi kipate mbegu ipi. Aliyeweka misingi ya utaratibu huo wa kura ni Ronald Fisher, mwanatakwimu aliyeanza kazi mwaka 1919 katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza. Majaribio ya matangazo yanafuata njia hiyo hiyo.

Kwenye Facebook na Instagram, kura hiyo hupigwa ukitumia sehemu iliyoandikwa A/B test ndani ya Ads Manager. Watu hugawanywa makundi mawili, na kila mtu huwekwa kwenye kundi moja tu. Wengi hawafanyi hivyo. Wanaweka matangazo mawili chini ya bajeti moja na kuyaacha yashindane. Mtandao huona upesi lipi limeanza vizuri, kisha unalimwagia hela hilo, na lile lingine linaonwa na watu wachache. Ule mwanzo mzuri ungeweza kuwa bahati. Hata ndani ya majaribio rasmi, mtandao bado huchagua ni nani katika kila kundi aoneshwe tangazo, kwa hiyo maneno tofauti yanaweza kufikishwa kwa watu wa aina tofauti. Hilo huwezi kulizuia lote, lakini likumbuke unaposoma matokeo.

Ili ujue meseji ya WhatsApp imetoka wapi, kila tangazo liwe na salamu yake iliyoandikwa tayari. Moja ianze na "Habari, naulizia mchele", lingine "Habari, nahitaji mchele". Mteja hatagundua lolote, ila wewe utahesabu bila kubahatisha.

Sasa, watu wangapi wanatosha? Kama kwa kawaida watu 2 katika 100 hukuandikia, nawe unatafuta ongezeko la kufika karibu 3, panga kila tangazo lionwe na watu kama 6,000. Ukitaka kugundua tofauti iliyo nusu ya hiyo, utahitaji watu takriban mara nne. Ndiyo maana kwa bajeti ya duka la Mwanjelwa nashauri ujaribu mambo makubwa, kama ahadi au picha nzima, na uachane na rangi ya maandishi. Namba hiyo uiweke kabla ya kuanza, na usisimame hadi uifikie. Anayepiga ile hesabu kila jioni na kusimamisha jaribio siku ya kwanza inapomfurahisha atakutana na ushindi wa uongo mara nyingi zaidi ya zile 5 katika 100, kwa sababu kila jioni amejipa nafasi nyingine ya kubahatika.

Tuseme umerudia jaribio kwa utaratibu huo, watu 6,000 kila upande, na harufu imeleta meseji 122, usafiri 166. Pengo ni 44. 44 mara 44 ni 1,936. Jumla ni 288, mara 4 ni 1,152. Mstari umevukwa, na unaweza kuchukua usafiri. Lakini usijiahidi zile 44 kila mara. Kwa namba hizi, faida halisi inaweza kuwa ndogo kama meseji 2 za ziada kwa kila watu 1,000, au kubwa kama 13. Pia meseji si mauzo: fuatilia hao 166 uone wangapi walilipa, maana anayevutwa na kuletewa mlangoni anaweza kuwa anataka kilo mbili tu, na bodaboda ikala faida yote.